Vigae vya lami kwenye nyumba ndogo: je, vitaliweza jua letu?

Mama mmoja mstaafu, anayejenga nyumba ya vyumba viwili huku mwambao upande wa Bagamoyo, alinionyesha kwenye simu picha ya nyumba ndogo yenye paa la vigae vya kijivu. Paa lilikuwa limetulia, halina mng'ao wa bati. Akaniuliza: "Mwanangu, wanasema hivi ni vya lami. Lami si ndiyo ile ya barabarani? Saa nane mchana si itanidondokea sebuleni?"

Swali lake ni la haki, na naulizwa mara nyingi. Ila kabla ya kulijibu ilibidi tuondoe mkanganyiko mwingine. Madukani kuna bidhaa mbili tofauti kabisa zinazouzwa kwa jina moja la Kizungu, shingles, na watu wengi wanaodhani wamenunua vigae vya lami wamenunua bati.

Ya kwanza ni bati la chuma lililokunjwa likawa na umbo la vigae, kisha likapakwa gundi na kunyunyiziwa chembe za mawe. Hilo linapigiliwa kwenye papi, zile fito za mbao zilizoachana, bila mbao za kujaza paa zima. Ya pili ndiyo kigae cha lami chenyewe: kipande laini kinachopindika, urefu wake karibu mita moja na upana wake kama sentimita 33. Katikati kina utando wa nyuzi za kioo, umelowekwa lami pande zote mbili, na juu umemwagiwa chembe za mawe. Kwa macho, chembe za juu zinafanana. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya mlango wa friji, uiguse bidhaa dukani. Ikinasa, hilo ni bati. Isiponasa na kipande kikapinda mkononi kama soli ya kandambili, hicho ni kigae cha lami. Makala hii ni ya hicho cha pili.

Tulirudi kwenye swali la mama. Lami ya barabarani na lami ya paa zina asili moja, lakini hazijapikwa sawa. Ya paa hupulizwa hewa ikiwa ya moto sana kiwandani mpaka tabia yake inabadilika na kuwa ngumu zaidi. Fikiria samli na nta ya nyuki. Vyote viwili ni vya mafuta mafuta, lakini samli ukiiacha mezani mchana inatiririka, nta inasimama. Lami ya kawaida ya barabara huanza kulainika kwenye nyuzi joto 50 hivi za selsiasi. Lami ya vigae, kwa viwango vya Kimarekani ambavyo viwanda vingi huvifuata, hulainika kati ya nyuzi 88 na 113. Paa la rangi iliyokoza juani linaweza kufika nyuzi 70, hata kukaribia 80. Kwa hiyo kigae kinakuwa laini kiasi cha kuacha alama ya kisigino ukikikanyaga saa saba, lakini hakitiririki. Ndiyo maana mafundi wanaojua kazi hii hupanda paani alfajiri, na mchana hushuka kukata vipande kivulini.

Basi jua halividhuru? Linavidhuru, ila kwa njia nyingine. Kila mtu ameona ndoo ya plastiki iliyosahauliwa uani. Haiyeyuki. Inapauka, inakauka, na siku moja mtu akiishika ukingo unavunjika. Lami nayo ni hivyo hivyo. Mwanga mkali na joto la muda mrefu huipotezea mafuta yake mepesi, inakuwa kavu na yenye kukatika. Chembe za mawe zimewekwa juu kwa kazi hiyo hasa: ni kivuli cha lami. Rangi ni faida ya ziada tu. Pale chembe zinapopukutika, lami inakaa uchi, na hapo uzee wake unakwenda mbio. Huku kwetu karibu na ikweta jua linapiga kutoka juu sana mwaka mzima, na paa halipati miezi ya baridi ya kupumzika.

Wengi hutegemea rangi nyeupe iwaokoe. Inasaidia kidogo kuliko watu wanavyodhani. Uso wa kigae una mikwaruzo na vivuli vidogo vidogo kati ya chembe, hivyo hata vile vinavyoitwa vyeupe hurudisha kama robo tu ya nguvu ya jua. Bati jipya lililopakwa rangi nyeupe hurudisha zaidi ya hapo kwa mbali. Mimi nashauri rangi ya kijivu hafifu au mchanga badala ya nyeusi, lakini sitegemei rangi. Nategemea hewa.

Hapa ndipo nyumba nyingi za vigae vya lami katika joto zinapoharibikia. Kigae kinapata joto juu kutoka kwenye jua, na hilo huwezi kulizuia. Lakini chini yake kuna uwazi kati ya paa na dari. Ukiufunga uwazi huo pande zote, unakuwa kama jiko la kuokea mkate, na kigae kinaokwa juu na chini. Mvuke wa jikoni na wa bafuni unapanda humo, usiku unageuka kuwa maji kwenye mbao. Viwanda vinajua hili, na karatasi nyingi za dhamana husema wazi kwamba paa lisilo na hewa halilipwi.

Kipimo chenyewe si kigumu. Chukua eneo la dari, ligawe kwa 150. Jibu ndilo eneo la matundu ya hewa, nusu yake likae chini kwenye upenu na nusu juu karibu na kofia. Nyumba ya mama ina mita 6 kwa 8, yaani dari ya mita za mraba 48. Ukigawa kwa 150 unapata mita ya mraba 0.32. Nusu yake, 0.16, igawe kwenye upenu wa pande mbili wenye jumla ya mita 16: ni ufa wa sentimita 1 unaokwenda urefu wote. Wavu wa kuzuia mbu na popo unaziba karibu nusu ya hewa, kwa hiyo ufa uwe sentimita 2. Juu, hewa itoke kwenye kofia iliyoinuliwa au kwenye matundu ya ukuta wa pembetatu, karibu na kilele. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kinachookolewa, na ndicho kitu cha kwanza kufutwa kwenye mchoro ili fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa upenu, ionekane safi.

Sasa tuje kwenye kilicho chini ya kigae. Mtu aliyezoea bati anadhani atapigilia kwenye papi. Haiwezekani. Kigae cha lami hakina mgongo wake. Kinahitaji sakafu kamili ya mbao paa zima, kwa kawaida plaiwudi ya milimita 12 ikiwa kenchi zimeachana sentimita 60 au chini ya hapo. Kati ya karatasi moja ya plaiwudi na nyingine acheni nafasi ya milimita 3, kwa sababu mbao hutanuka msimu wa mvua, na zikisukumana huinuka na kutengeneza tuta linaloonekana juu ya vigae.

Plaiwudi yenyewe iwe ya gundi isiyoachia majini. Wauzaji wote watakuambia yao ni ya namna hiyo. Omba kipande cha ukubwa wa kiganja, kichemshe kwenye sufuria kwa saa mbili tatu kama unayechemsha maharage. Tabaka zikianza kuachana kama kurasa za daftari lililolowa, hiyo ni ya makabati ya ndani, na paani haitamaliza masika matatu. Mama alikwenda na vipande viwili kutoka maduka mawili. Kimoja kilifunguka kabla maji hayajapungua hata nusu. Plaiwudi iliyofaulu nayo ipakwe dawa ya mchwa kabla ya kupanda juu, hasa kingo.

Uzito nao uhesabiwe mapema. Paa lake, likiwa na upenu wa sentimita 60 kila upande na mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 2 za mlalo, lina mita za mraba 74. Vigae vyepesi vina kilo 11 hivi kwa mita ya mraba, plaiwudi karibu kilo 7. Jumla ni zaidi ya kilo 1,300. Bati la geji 28 kwa paa hilo hilo halifiki kilo 350. Kenchi zilizopangwa kwa bati zisibebeshwe vigae bila kukaguliwa na anayejua hesabu za mbao. Kwa sababu hiyo hiyo nakataa shauri la kutandika vigae juu ya bati la zamani. Bati lina mawimbi, halishiki msumari wa kigae, na joto lake linakaanga lami kutoka chini.

Mwinuko wa paa huamua kama kazi hii inafaa hata kuanza. Kwa kila mita 1 ya mlalo, paa lipande angalau sentimita 33. Kati ya 17 na 33 inawezekana kwa tandiko mara mbili, nitaeleza. Chini ya 17, usiweke kabisa. Siku hizi wengi wanapenda nyumba za kuficha paa nyuma ya ukuta, na mapaa yake yamelala sana. Huko vigae vya lami havina nafasi, hata muuzaji aseme nini. Kigae hakizuii maji kwa kuziba. Kinazuia kwa kuyateremsha. Paa la makuti linatufundisha hilo tangu zamani: kila safu inafunika kichwa cha safu iliyo chini yake, kinachoonekana ni mkia tu, na paa la makuti lililolala huvuja hata likiwa jipya.

Baada ya plaiwudi linakuja tandiko. Naliita hivyo kwa sababu ndiyo kazi yake: ni karatasi nzito iliyolowekwa lami, au kitambaa cha plastiki kilichofumwa, kinachotandikwa juu ya mbao kabla ya vigae. Watu huliona kama anasa, kwani si litafunikwa? Lakini mvua ya upepo wa kusi haianguki kutoka juu. Inasukumwa kutoka pembeni na kupanda chini ya vigae. Maji yale machache yanayoingia, tandiko ndilo linaloyateremsha hadi kwenye gata. Pia linailinda plaiwudi siku zile ambazo vigae bado, na linatenganisha utomvu wa mbao na lami.

Linatandikwa kuanzia chini kupanda juu, likilala sambamba na upenu. Safu ya juu ipande juu ya ile ya chini kwa sentimita 5, na pale roli moja inapokutana na nyingine zipishane sentimita 10. Kwenye paa la mwinuko mdogo niliotaja, kila safu ipande juu ya mwenzake zaidi kidogo ya nusu ya upana wake, ili kila sehemu ya paa iwe na matabaka mawili. Kwenye bonde, pale paa mbili zinapokutana na maji kukusanyika, wekeni kwanza utando wa kujigandisha wenye upana wa karibu mita 1. Ukingoni mwa paa kuna kipande cha bati kinachotupa maji mbali na fisha bodi. Huku kwenye upenu kipande hicho kinakaa chini ya tandiko, ili maji ya tandiko yapite juu yake. Kwenye kingo za pembeni zinazopanda kuelekea kilele kinakaa juu ya tandiko, ili upepo usilifunue. Fundi akigeuza utaratibu huo, mbao za ukingoni ndizo zitakazooza kwanza.

Kosa ninaloliona zaidi ni kutandika nailoni nyeusi ile ya kuwekwa chini ya zege. Ni rahisi, na inaonekana kuzuia maji vizuri. Kwenye joto na unyevu wa pwani inafungia mvuke kwenye plaiwudi, na kuvu huanza upande ambao hakuna anayeuona. Pia inateleza, na fundi anayeteleza anaanguka. La pili ni kuliacha tandiko la karatasi wazi kwa wiki kadhaa vigae vikisubiri fedha. Linalowa, linajikunja, na mikunjo ile itaonekana kwenye vigae milele. Vigae viwe vimeshafika ndipo tandiko lifunguliwe. Mabando yenyewe yalazwe kivulini, sio kurundikwa juani. Yakipata joto yanagandana.

Nimefika kwenye misumari, na hapa naomba mtu asome polepole, kwa sababu paa hili hufa au kupona kwa sentimita chache.

Kigae cha kawaida kina ndimi tatu kwa chini, zimetenganishwa na mipasuko miwili. Tuseme upana wake kutoka chini hadi juu ni milimita 336, na sehemu inayobaki kuonekana ni 143. Safu inayofuata inaanza hapo hapo kwenye 143, ikifunika yote yaliyo juu ya mstari huo. Wakati huo huo, kichwa cha kigae cha safu ya chini kinafika chini ya kigae chetu mpaka kwenye milimita 193. Kwa hiyo kuna ukanda wa milimita 50 tu, kati ya 143 na 193, ambamo msumari unapita kwenye vigae viwili kwa mpigo na bado unafunikwa na safu ya juu. Mahali sahihi ni kama milimita 16 juu ya mipasuko, chini ya mstari wa gundi. Misumari minne: mmoja sentimita 2.5 kutoka kila ncha, na mmoja juu ya kila mpasuko.

Fundi akipiga chini ya ukanda huo, kichwa cha msumari kinabaki wazi mvuani. Akipiga juu yake, na hata kosa la sentimita 4 kwenda juu linatosha, msumari unashika kigae kimoja badala ya viwili. Kila kigae kinapaswa kushikwa na misumari minane: minne yake mwenyewe kiunoni, na minne ya safu ya juu inayopita kichwani mwake. Msumari ukipanda juu kidogo, nusu ya mshiko imeondoka, na kwa chini huwezi kuona tofauti yoyote siku ya makabidhiano. Utaiona siku ya upepo, au pale vigae vitakapoanza kuteleza kwa joto. Mafundi wanaolipua kazi hupenda kupiga juu kwa sababu wanaogopa kuikaribia gundi. Kwa mwambao wenye upepo, na kwa paa lenye mwinuko mkali sana, pigeni sita badala ya minne. Paa la mama lina vigae 520 hivi, kwa hiyo misumari minne ni kama 2,100 na sita ni 3,100. Tofauti ni elfu moja ya misumari, fedha kidogo.

Msumari uwe wa kigae, wenye kichwa bapa cha angalau milimita 9.5, uliochovywa zinki moto. Karibu kabisa na chumvi ya bahari, chuma kisichoshika kutu ni bora. Usikubali misumari ya bati yenye mwavuli. Kichwa chake hakilali bapa, kinainua kigae cha juu na kuzuia gundi isishike. Urefu utoboe plaiwudi yote ya milimita 12 na kuchungulia upande wa pili angalau milimita 3, yaani msumari wa milimita 25 hadi 30. Kichwa kiguse uso wa kigae na kuishia hapo. Kikizama, kimekata utando wa kioo na kigae kitachomoka kama karatasi kwenye pini. Kikibaki juu, kitatoboa kigae cha juu yake.

Kuna namna ya kukagua bila kupanda paani. Kabla dari halijafungwa, ingia ndani na tochi, utazame juu. Ncha za misumari zitakuwa zimechungulia kwenye plaiwudi. Zinapaswa kujipanga kwa mistari iliyonyooka, kila mstari sentimita 14 hivi juu ya mwenzake. Kwenye nyumba ya mama tuliona upande wa mashariki mistari imenyooka kama ya daftari, na upande wa magharibi safu nane za juu zikipanda na kushuka. Fundi alikiri kwamba uzi wa chaki ulikatika saa sita, akaendelea kwa macho. Tukapanda, nikainua ulimi wa kigae kwa bapa la kisu, na msumari ulikuwa juu ya gundi kwa vidole viwili. Safu nane zilifunguliwa zikarudiwa. Kwa kuwa gundi ilikuwa bado haijashika, vigae vingi viliokolewa.

Gundi hiyo ina habari yake. Ni mstari wa lami laini kwenye uso wa kigae, na jua ndilo linaloiamsha igandishe safu ya juu kwa ya chini. Kwenye joto letu inashika ndani ya siku chache. Mgongoni mwa kigae utaona utepe wa plastiki unaong'aa. Watu hukaa nusu siku wakiubandua, wakiamini ndio unaofunika gundi. Uacheni. Kazi yake ni kuzuia vigae visigandane ndani ya bando, basi. Safu ya kwanza kabisa kwenye upenu inahitaji kigae kilichokatwa ndimi zake kiwekwe chini yake, gundi ikiwa karibu na ukingo. Bila hicho, kila mpasuko wa safu ya kwanza unaonyesha tandiko, na upepo unapata pa kushika.

Tumalizie na umri, maana hapa ndipo pakiti inapodanganya bila kusema uongo. Imeandikwa miaka 30. Ile ni dhamana ya kasoro za kiwandani, na fidia yake kwa kawaida hupungua kila mwaka unaopita. Haisemi kwamba paa lako litaishi miaka 30 Bagamoyo. Katika nchi za baridi ya wastani, kigae chembamba cha ndimi tatu huishi kama miaka 15 hadi 20, na kile kinene cha matabaka mawili 25 hadi 30. Mimi nikimshauri mtu wa pwani ajiandae kifedha, namwambia 12 hadi 16 kwa chembamba na 18 hadi 25 kwa kinene, paa likiwa na hewa na misumari iliyo mahali pake. Bila hewa, punguza. Anayepanga kukaa kwenye nyumba hiyo maisha yake yote na hana hela ya kubadilisha paa mara ya pili, namwambia wazi: bati zuri lenye dari iliyopozwa litamfaa zaidi. Faida halisi za vigae vya lami ni utulivu wakati wa mvua, kupindika kwenye paa za duara na kona ngumu, na urahisi wa kubadilisha kipande kimoja kimoja.

Jambo jingine ni maji. Kama nyumba inategemea kuvuna mvua kwa kunywa, vigae hivi si chaguo zuri, kwa sababu maji yake hubeba chembe na mabaki ya lami. Kufulia na kumwagilia yanafaa.

Dalili za uzee tazama kwenye gata. Mvua za kwanza huleta chembe nyingi, hiyo ni kawaida ya paa jipya. Zikirudi kwa wingi mwaka wa kumi, lami imeanza kubaki uchi. Baadaye pembe za ndimi hujikunja juu, kisha nyufa. Michirizi myeusi ya pwani ni jambo jingine: ni viumbe wadogo wa unyevu, si kuungua, na hawamaanishi paa limekufa. Msiwafukuze kwa mashine ya maji ya kasi, itachukua chembe zote.

Mama amenunua mabando 31, kila moja likifunika mita za mraba 3. Ishirini na nane ni ya paa pamoja na vipande vinavyopotea, mawili ya safu ya kuanzia na kofia. La mwisho limelazwa bapa stoo, chini ya kitanda cha zamani, kwa sababu rangi ya toleo la mwaka kesho haitafanana na hii.